Miezi minane kabla ya chuo: kibarua, akiba na kuchagua kozi

Swali: Habari Mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana nikapata B-. Naishi Umoja na mama na wadogo zangu wawili. Nimekwama kati ya famasia na uhasibu, na sitaki kujaza kozi kwa kubahatisha. Nimepata kibarua Gikomba kwa muuzaji wa jumla, shilingi 500 kwa siku. Nafikiria kukaa mwaka mmoja nifanye kazi, niweke pesa, nijue ninachotaka, ndipo niombe chuo. Mama hapingi, lakini mjomba anasema nikionja pesa sitarudi shule. Nifanyeje?

Jibu: Binti yangu, kabla hujaamua kukaa mwaka, tazama kalenda. Mtihani wa KCSE huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na vyuo vikuu vya umma hupokea wanafunzi wapya mwishoni mwa Agosti au Septemba. Kwa hiyo karibu miezi minane ya muda unaoutaka tayari iko mikononi mwako, na huhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kupoteza chochote ili uitumie. Wengi wanaoniambia wanataka kukaa mwaka kwa kweli wanataka miezi hii, ila hawajaihesabu. Ukisema utaomba chuo mwakani, miezi yako haiwi kumi na miwili. Inakuwa zaidi ya ishirini tangu siku ulipoweka kalamu chini, na huko ndiko hofu ya mjomba wako inakoanza kuwa na mashiko.

Ushauri wangu ni huu: anza kazi sasa, lakini dirisha la KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, likifunguliwa, jaza. Kujaza si kufunga ndoa na kozi. Baada ya maombi ya kwanza huwa kuna nafasi ya kurekebisha, na hata baada ya kupangiwa chuo, KUCCPS hutangaza kipindi cha kuomba kuhamishwa, ukiwa na pointi zinazohitajika. Kinachoumiza watu ni kutojaza kabisa, au kujaza, kupangiwa, kisha kutotokea chuoni bila kuandika hata mstari mmoja. Aliyekwisha kupangiwa nafasi ya shahada hahesabiwi sawa na ambaye hajawahi kupangiwa, na dirisha la mwakani linaweza kumfungia. Ukifika Julai ukaona bado unahitaji muda, chukua barua yako ya kuitwa, uiandikie ofisi ya msajili wa chuo hicho kabla ya siku ya kuripoti, uombe kuahirisha, na usubiri jibu la maandishi. Kila chuo kina masharti yake, kwa hiyo wapigie mapema uulize wanataka nini. Uliza pia kama ufadhili na mkopo wako utasubiri nawe, maana hayo hayaamuliwi na chuo peke yake.

Wiki hii, kabla hata ya kwenda Gikomba, shughulikia karatasi. Kama umetimiza miaka 18, nenda Huduma Centre ya Makadara, iliyo karibu nawe, uombe kitambulisho. Kikitoka, jisajili upate PIN ya KRA, kisha uwe na laini ya simu iliyo kwa jina lako mwenyewe, si la mama. Vitu hivi vitatu ndivyo utakavyoulizwa na mwajiri yeyote wa maana, ndivyo utakavyohitaji kufungua akaunti ya akiba, na ndivyo mfuko wa mikopo na ufadhili utakavyodai wakati wa kuomba. Kitambulisho huchukua muda, na sijui kwa nini vijana huanza kukitafuta Agosti.

Sasa pesa. Shilingi 500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 13,000. Kiwango cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi, kwa tangazo la Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kabla ya posho ya nyumba. Unalipwa chini ya hapo, na ni vizuri ulijue hilo unapozungumza naye, ingawa wewe na mimi tunajua jinsi maduka ya Gikomba yanavyolipa. Lakini hesabu inayonihusu zaidi ni ile inayobaki mfukoni jioni. Tuseme nauli ni 80 kwenda na 80 kurudi. Ukichelewa kutoka, au mvua ikinyesha, itapanda. Chakula cha mchana kibandani, chapati na maharagwe, weka 100. Umebaki na 240. Mara siku 26, ni 6,240 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya mshahara wako imeliwa na barabara na tumbo.

Sasa fikiria muuzaji wa jumla aliye Mutindwa, unapoweza kufika kwa miguu, anayekupa 400. Kwa maneno ni kazi ya chini. Lakini ukitoa 100 ya chakula unabaki na 300, ambazo kwa mwezi ni 7,800. Ukibeba chakula kutoka nyumbani, zaidi. Umepata pia saa mbili ambazo ungezipoteza kwenye msongamano wa Jogoo Road, na saa hizo tutazihitaji hapa chini. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo Gikomba, tembea siku mbili mtaani kwako uulize. Ukikosa, nenda Gikomba, lakini jaribu kupatana naye akuchangie nauli, maana nyongeza ya 50 ni rahisi kwake kuliko kukupandisha cheo.

Tuendelee na hesabu ya Mutindwa. Kati ya 7,800, mpe mama 2,000 kila mwezi, siku ileile, kiasi kilekile. Zimebaki 5,800. Kwa miezi sita kamili, Februari hadi Julai, ni 34,800. Toa vocha na mambo ya dharura, tuseme umefika Agosti na 30,000. Si pesa ya karo, na usijaribu kuifanya iwe. Kazi yake ni nyingine. Ufadhili na mkopo wa serikali mara nyingi huwafikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiwa wamekwisha kuripoti, wakati mwingine wiki nyingi baadaye. Katika wiki hizo ndipo kijana hulala kwa rafiki, hukosa chakula, na wengine hurudi nyumbani kabisa. Elfu thelathini yako ni ya kukuvusha hapo: kodi ya chumba ya miezi miwili ya mwanzo, chakula, vyombo. Kompyuta ya mkononi, kama itapatikana ya mtumba kwa bei nzuri, iwe baada ya hayo, kwa sababu unaweza kuazima kompyuta lakini huwezi kuazima mahali pa kulala.

Wapi pa kuiweka? Kibarua hulipwa kwa siku au kwa wiki, na pesa ikikaa kwenye M-Pesa huisha bila kelele. Kila Jumamosi jioni hamisha akiba ya wiki. Akiba ya kufungiwa ya M-Shwari inakutosha mwanzoni, kwa kuwa unachagua mwenyewe muda wa kuifungia na unaweza kuupanga uishe Agosti. Ukishapata PIN, unaweza kuhamia mfuko wa soko la fedha uliopewa leseni na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15, na ukitaka kutoa huenda ukasubiri siku kadhaa za kazi, jambo ambalo kwako ni faida. Shangazi yeyote atakayekwambia uingie sacco ana nia njema, lakini si kwa pesa hii. Akiba ya sacco hairudishwi mpaka ujiondoe uanachama, na notisi ya kujiondoa huwa ni siku 60 au zaidi. Agosti ikifika utakuwa na pesa kwenye karatasi na huna pesa ya chumba. Na Fuliza usiiguse hata kwa vocha. Mtu anayelipwa kwa siku akianza kukopa kwa siku, kila anachopokea kinakuwa tayari si chake.

Upande wa kozi una uzito wake pia. Kwanza tuondoe ukungu kidogo. Kwa B-, shahada ya famasia katika vyuo vya umma kwa hali halisi haiko karibu nawe. Angalia pointi za mwisho za mwaka uliopita kwenye tovuti ya KUCCPS utaona mwenyewe. Stashahada ya famasia ya miaka mitatu, kama ile ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, iko wazi ikiwa Kemia na Baiolojia zako zinafikia masharti. Shahada ya biashara yenye uhasibu unaifikia. Kwa hiyo swali lako si famasia au uhasibu. Ni stashahada ya famasia au shahada ya biashara, na hayo ni maisha mawili tofauti. KMTC huwa na wanafunzi wanaoingia Septemba na wanaoingia Machi, kwa hiyo upande huo mlango haufungi wote kwa siku moja.

Famasia ina ugumu wake wa kujaribu. Huwezi kuwekwa kutoa dawa. Sheria inamtaka aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na mwenye kemisti atakayekuachia kaunta na kwenda zake anakufundisha uhalifu, si kazi. Tafuta duka la dawa ambalo leseni ya Bodi imebandikwa ukutani na mwenye kusajiliwa yupo mwenyewe. Omba kukaa kwenye keshi au kupanga rafu, jioni mbili kwa wiki au Jumapili, hata kwa malipo ya nauli tu, kwa wiki nne. Usiangalie dawa. Mwangalie yule mtaalamu. Utamwona akisoma maandishi ya daktari ambayo hayasomeki na kupiga simu kuuliza. Utamwona akikokotoa dozi ya mtoto kwa kilo zake huku mama mtoto akinong'ona kwamba ana shilingi 150 tu. Utamwona akimkatalia mtu antibayotiki kwa kuwa hana karatasi, naye mtu akitoka kwa matusi kwenda duka la tatu kuipata. Utamwona akipekua rafu kutafuta tarehe za mwisho, akisukuma mbele zinazokaribia kuisha. Na atakuwa amesimama, kutwa. Baada ya wiki nne jiulize ni sehemu ipi kati ya hizo ungependa ifanywe na mwingine. Kama jibu lako ni ile ya wagonjwa, ikabaki ile ya kupanga na kuhesabu, umeshapata habari kubwa.

Ujue hata hivyo kwamba kemisti wa mtaani ni upande mmoja tu. Famasia ya hospitali haifanani naye. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali nawe. Hutaruhusiwa kukaa ndani, lakini ukienda saa ya kutoka kazini na kumwomba mtaalamu mmoja dakika kumi, mara nyingi atakupa. Muulize alimaliza chuo lini, alikaa muda gani kabla ya kuajiriwa, na miaka yake mitatu ya kwanza alilipwaje. Waulize watatu, si mmoja, maana mmoja aliyebahatika au aliyechukia kazi atakupotosha.

Uhasibu unajaribika kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo kibarua chako cha duka la jumla kinapopata thamani ambayo huenda hukuiona. Usikubali kuwa mtu wa kubeba katoni tu hadi Agosti. Ukishaaminika, baada ya mwezi hivi, mwombe mwenye duka akuachie daftari la jioni. Tuseme daftari linasema mmeuza 42,300. Pesa taslimu kwenye droo ni 17,900. Kwenye till ya M-Pesa zimeingia 23,600. Jumla 41,500, na shilingi 800 hazipo. Zimeenda wapi? Pengine jirani alichukua unga kwa deni na hakuandikwa. Pengine mteja alituma kwa namba ya mwenye duka badala ya till. Pengine bei ya mafuta ilibadilishwa mchana na aliyeandika hakuambiwa. Pengine mtu ameziweka mfukoni. Kuna mtu atakayesema, mia nane ni kitu gani, tufunge twende. Kuna mwingine atakayekaa mpaka azipate, na akizipata atatembea nyumbani amefurahi. Sikwambii huyo wa pili ni bora, lakini huyo ndiye mhasibu. Utajua wewe ni yupi kabla ya Pasaka.

Mwombe pia akuonyeshe ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Wafanyabiashara wengi wadogo huziogopa na hufurahi kupata kijana wa kuziingiza, na wewe utaona jinsi KRA, kodi ya ongezeko la thamani na daftari la duka zinavyoshikana. Hicho si kitu utakachofundishwa chuoni mwaka wa kwanza.

Lakini duka linakuonyesha upande wa mikono tu. Upande wa kitabu ujaribu vilevile, ndiyo maana nilitaka zile saa mbili za Jogoo Road. Pakua mtaala wa CPA, cheti cha wahasibu kinachotahiniwa na KASNEB, hatua ya msingi, uangalie karatasi ya Uhasibu wa Fedha. Tafuta mitihani ya nyuma na kitabu cha kuazima. Maktaba ya Buruburu inakutosha, ina meza na kimya, vitu ambavyo nyumbani kwenu huenda havipo. Soma jioni tatu kwa wiki kwa wiki sita, kisha ufanye karatasi moja ya zamani kwa saa halisi, peke yako, bila kuchungulia. Usijali alama. Angalia kama ulitamani kurudi mezani jioni iliyofuata au ulikuwa ukitafuta sababu. Ukipenda sana, kwa alama yako ya KCSE unaweza kujisajili. KASNEB huwa na mitihani Aprili, Agosti na Desemba, na unaweza kulenga karatasi moja au mbili za Agosti. Soma kwanza ada zake, kwa kuwa zitatoka kwenye zile elfu thelathini, na usijisajili kabla ya zile wiki sita kuisha.

Andika. Daftari dogo, mistari mitatu kila Jumapili: nilichofanya wiki hii, kilichonichosha, kilichonifanya nisahau saa. Dirisha la kurekebisha maombi likifunguliwa, utasoma daftari hilo badala ya kuuliza watu.

Nirudi kwa mjomba wako. Ana haki nusu. Katika vijana niliowaona wakikwama mtaani, ni wachache waliolevywa na pesa. Wengi walikwamishwa na nyumba. Inaanza hivi: mwezi wa kwanza unampa mama 2,000. Mwezi wa tatu stima inaisha, unatuma tokeni. Mwezi wa nne mdogo wako anafukuzwa kwa ajili ya karo, uko na pesa, unalipa, nani angekataa? Mwezi wa sita kodi inakuhusu. Agosti barua ya chuo inakuja na hakuna anayesema usiende, ila kila mtu anajua ukienda kutakuwa na shimo. Hapo kijana mwenyewe ndiye anayesema, nitaenda mwakani. Dalili ya kuangalia si kiasi unachotoa. Ni pale mama anapoanza kupanga bajeti yake kwa kuitegemea pesa yako, au pale wewe unapotoa kabla ya kuombwa. Ndiyo maana nimetaka kiasi kimoja kisichobadilika, na nimetaka kisemwe leo, mbele ya mjomba pia, pamoja na tarehe ya mwisho. Mwambie mama: nitakupa elfu mbili kila mwezi hadi Julai, na kuanzia Agosti usinihesabu. Ni maneno magumu kwa mzazi. Ukiyasema Februari yanasikika kama mpango, lakini ukingoja Agosti utaonekana unawatoroka.

Kama mdogo wako atafukuzwa kweli, saidia mara moja ukitaka, lakini ijulikane ni mkopo kutoka kwenye akiba ya chuo na irudishwe.

Jambo dogo kuhusu kazi nyingine zitakazokujia. Yeyote anayetaka pesa ya usajili, ya kupimwa afya au ya sare kabla hujaanza kazi, achana naye. Kazi za ng'ambo, hasa Ghuba, zitatajwa kwako na mtu unayemfahamu. Wakala halali ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na leseni hiyo inaweza kuthibitishwa. Lakini hata akiwa halali, mkataba wa miaka miwili si njia ya kujaza miezi minane.

Mwisho kabisa, zungumza na mwenye duka siku ya kwanza. Mwambie utaondoka katikati ya Agosti, usimfiche ili akupende zaidi. Mwenye duka anayejua tarehe atakuonyesha kazi haraka kuliko anayedhani ana miaka ya kukusubiri, na asiyekubali kukuchukua kwa masharti hayo angekusumbua Agosti. Ujue pia kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi haendelei kuwa kibarua tu machoni pa Sheria ya Ajira ya 2007. Sheria hiyohiyo inampa aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka. Wiki ya kwanza ya Agosti mwombe akuandikie: jina lako, tarehe ulipoanza na ulipomaliza, na kazi uliyofanya, ikiwemo daftari la jioni na ankara za eTIMS kama ulizishika. Akisema hajui kuandika barua za namna hiyo, iandike wewe, naye aisome, aweke sahihi na muhuri wa duka.